Pawa benki ya 30,000 iliyoshindwa na ya 10,000: nilivyopima mwenyewe

Nina pawa benki mbili mezani. Nyeupe imeandikwa 30,000 mAh kwa tarakimu kubwa zinazoonekana toka mlangoni. Nyeusi imeandikwa 10,000 mAh, na chini yake, kwa herufi ndogo sana karibu na tundu la chaji, kuna mstari mwingine: 6,300 mAh kwa 5V. Nimezitumia zote mbili kwa muda mrefu, nikazipima kwa kifaa, na mwisho nikaifungua nyeupe. Ile nyeusi inatoa umeme karibu mara mbili ya nyeupe. Naeleza hapa nilivyofikia jibu hilo, maana njia zenyewe si ngumu, na moja haihitaji kifaa chochote zaidi ya mizani.

Nianze na ule mstari mdogo, kwa sababu wengi wakiuona hudhani wameibiwa. Seli ya lithiamu iliyo ndani ya pawa benki ina volti 3.7 kwa wastani, lakini tundu la USB linatoa volti 5. Kwa hiyo ndani kuna saketi ya kupandisha volti. Volti zikipanda, miliampia-saa zinashuka, ingawa nguvu yenyewe haijaenda popote. Ndiyo maana napenda kuhesabu kwa wati-saa, yaani Wh, ambazo hazibadiliki kwa sababu ya volti. Zidisha 10,000 mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata 37 Wh. Hicho ndicho kilichomo kwenye seli. Saketi nayo hula chake na kukigeuza kuwa joto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo kinachofika kwenye simu ni kama 32 Wh. Gawanya hizo kwa volti 5 na utakuta takriban 6,400 mAh. Mtengenezaji aliyeandika 6,300 kwa herufi ndogo hakudanganya hata kidogo. Kwangu mimi mstari huo ni alama ya kwanza ya kuaminika, na pawa benki isiyokuwa nao kabisa naitazama kwa mashaka.

Simu yenye betri ya 5,000 mAh inabeba kama 19 Wh, na yenyewe hupoteza kiasi wakati wa kuchaji. Hivyo pawa benki ya kweli ya 10,000 huijaza mara moja na karibu nusu nyingine. Ukisikia mtu akiahidi mara mbili kamili, amegawanya 10,000 kwa 5,000 akasahau volti.

Sasa mizani. Seli za duara zinazotumika sana huitwa 18650, kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli bora kabisa za umbo hilo hubeba kama 3,500 mAh, na kila moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ili ufikishe 30,000 mAh unahitaji seli 9, na zile seli peke yake zitapita gramu 400, kabla ya kuongeza kasha, bodi na waya. Seli bapa za mfuko ni nyepesi kidogo, lakini si kwa kiasi cha kubadilisha picha hii. Pawa benki yangu nyeupe ina uzito wa gramu 228. Hapo hapo, bila kuiwasha, jibu limeshapatikana: hakuna namna 30,000 mAh zikakaa ndani ya gramu 228. Nyeusi ina gramu 215 kwa 10,000 zake, na hilo linaingia akilini.

Ila mizani ina mpaka wake, na huu ni muhimu. Uzito mdogo unathibitisha uongo, lakini uzito mkubwa hauthibitishi ukweli. Nilipoifungua nyeupe nilikuta seli 3 tu, na pembeni kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, hakikuunganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuufanya mkono wa mnunuzi uridhike. Kitendo hicho kiliniudhi kuliko namba iliyoandikwa juu, maana mtu alikaa akapanga kabisa jinsi ya kumdanganya yule mnunuzi makini anayepima uzito. (Usifungue yako kwa kuiga. Bisibisi ikitoboa seli yenye chaji, inaweza kuwaka moto. Yangu niliimaliza chaji kwanza, na hata hivyo nilifanyia nje.)

Kama unataka uhakika zaidi ya mizani, kipo kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya pawa benki na kinachokula umeme, na kioo chake huonyesha volti, ampia na Wh zilizopita. Kuna pia kifaa cha mzigo, ambacho kazi yake ni kuvuta umeme kwa kasi isiyobadilika na kuutoa kama joto. Simu si mzigo mzuri wa kupimia kwa sababu hubadilisha kasi inavyotaka na hupunguza ikikaribia kujaa. Nilizijaza pawa benki zote mbili, nikaziacha zipoe, nikachomeka kipimo moja kwa moja kwenye tundu bila waya mrefu, kwa sababu waya mwembamba nao hula volti. Kisha nikavuta ampia 1 hadi pawa benki ikajizima yenyewe.

Nyeusi ilitoa 32.4 Wh. Nyeupe ilitoa 17.6 Wh. Nikirudi nyuma kwa hesabu ileile, nikirudishia kile kilicholiwa na saketi, ndani ya nyeupe mlikuwa na kama 20 Wh, yaani karibu 5,500 mAh. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya tano ya kilichoandikwa.

Angalizo moja kwa wanaopima: soma Wh, usisome mAh. Pawa benki yenye chaji ya haraka inaweza kupanda hadi volti 9, na hapo mAh kwenye kioo zitaonekana chache sana ingawa umeme uliotoka ni uleule.

Mpaka hapa tumezungumzia wingi tu. Ubora wa seli unajionyesha ukiongeza mzigo. Nilirudia jaribio kwa ampia 2. Nyeusi ikatoa 31.1 Wh, tofauti ndogo inayotarajiwa, na volti zake zilikaa karibu na 5 hadi mwisho. Nyeupe ikashuka hadi 13 Wh, volti zikateremka hadi 4.6 katikati ya kazi, na kasha likawa la moto kiasi cha kutotaka kulishika. Seli ni zilezile na chaji ni ileile, ila robo ya umeme imepotea kwa sababu tu nimevuta kwa nguvu zaidi.

Chanzo chake ni ukinzani wa ndani. Kila seli ina ukinzani mdogo ndani yake, na seli inapochakaa ukinzani huo unapanda. Ukivuta ampia nyingi, sehemu ya volti inaishia humohumo ndani na kugeuka joto. Bodi inayolinda seli ikiona volti zimeshuka chini ya kiwango chake inakata umeme, ingawa seli bado ina akiba isiyoweza kuitoa. Kwa mtumiaji hili huonekana hivi: taa zinaonyesha chaji ipo, unachomeka simu, inachaji dakika chache, pawa benki inazima. Unaipumzisha, inawaka tena. Nikisikia mtu anaeleza dalili hiyo sihitaji kipimo kujua seli zake ni za aina gani.

Seli za nyeupe zilikuwa zimevishwa plastiki mpya ya rangi nzuri, lakini kwenye ncha zake zilikuwa na makovu ya kuunganishwa mara mbili: alama za zamani zilizosagwa, na juu yake alama mpya. Seli ya aina hii imeshafanya kazi kwenye kifaa kingine, mara nyingi betri ya kompyuta mpakato, ikatolewa na kuvishwa upya. Zikifungwa pamoja seli zisizolingana, iliyo dhaifu huvuta chaji ya wenzake hata pawa benki ikiwa imelala kabatini. Nilijaza zote mbili nikaziacha mwezi mzima. Nyeusi ilikuwa karibu kama nilivyoiacha. Nyeupe ilikuwa imepungua sana, na ukingo mmoja wa kasha ulikuwa umeanza kuachia. Hapo ndipo niliamua isichajiwe tena ndani ya nyumba.

Kama huna kipimo wala kifaa cha mzigo, tumia saa. Angalia nyuma ya kasha kiwango cha kuingiza chaji. Nyeupe imeandikwa 5V/2A, yaani haiwezi kupokea zaidi ya wati 10. Kwa 30,000 mAh, ambazo ni 111 Wh, hata pasipokuwepo upotevu wowote ingehitaji saa 11 kujaa kutoka sifuri. Yangu ilijaa chini ya saa 3. Usitegemee taa zake katikati ya safari, kwa sababu zinakisia tu kutokana na volti. Subiri hadi iache kabisa kupokea umeme, kisha hesabu saa.

Na kwa anayesafiri kwa ndege kuna hasara nyingine ya namba za uongo. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu pawa benki isiyozidi 100 Wh kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba kibali cha shirika la ndege. Mkaguzi anasoma kasha, hapimi seli. Nyeupe inajitangaza kuwa na 111 Wh, hivyo inaweza kuzuiwa mlangoni kwa ajili ya umeme ambao haijawahi kuwa nao.

Nyeusi naipa alama za juu, ingawa si kamili. Inachaji polepole kuliko nilivyotaka, na tundu lake moja limeanza kulegea. Baada ya zaidi ya mwaka wa matumizi ya karibu kila siku niliipima tena kwa ampia 1 na ikatoa 29.8 Wh, na kasha halijavimba popote. Ikifika siku inatoa 25 Wh au chini, au ikianza kuzima kwenye ampia 2, nitaiondoa. Ile nyingine nilizitoa seli zake zote 3, nikafunika ncha kwa utepe wa gundi zisigusane, na nikazipeleka wanakokusanya betri chakavu.