Inveta haichaji betri kwa umeme wa gridi: uchambuzi wa haibridi ya volti 24

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna inveta ya haibridi ya kVA 3, volti 24, ya familia ya Axpert. Zinazofanana nayo ziko nyingi madukani kwa majina tofauti, na ukiona kwenye kioo herufi kama SBU au SNU, basi yako ni ndugu yake. Malalamiko ni haya: umeme upo, taa za nyumba zinawaka, lakini betri haichaji, na umeme ukikatika inazima baada ya dakika chache.

Kabla ya kushika bisibisi, soma kioo. Bonyeza kitufe cha kushuka mpaka uone volti zinazoingia. Ikiandika 0 wakati soketi ya ukutani ina umeme, tatizo liko kwenye njia ya kuingilia. Ubavuni au chini karibu na waya wa kuingizia kuna kitufe cheusi. Hiyo ndiyo breka ya kuingilia. Ikiwa imeruka, zima umeme, irudishe, washa tena. Ikiruka papo hapo, usiilazimishe, maana ndani kuna shoti. Inveta ndogo zina fyuzi ya kioo badala ya breka. Itoe umeme ukiwa umezimwa, ipime kwa mita, na uweke yenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kofia yake. Usiifunge kwa kipande cha waya, kwani safari ijayo kitakachoungua ni bodi.

Sasa tuseme kioo kinaonyesha volti 160. Umeme upo, lakini inveta inaukataa. Shikilia ENTER kwa sekunde tatu uingie kwenye mipangilio, kisha angalia programu namba 03, inayoamua volti za gridi zinazokubaliwa. Ikiwa UPS, inapokea kuanzia volti 170 tu. Ikiwa APL, inashuka hadi 90. Waliopo mwisho wa laini, ambako umeme hulegea jioni, hili huwapata sana. Ila fahamuni kwamba ukiweka APL, hizo volti 160 zinapita moja kwa moja hadi kwenye friji. Chomoa friji kwanza.

Hapa ndipo penye kosa ambalo mafundi wengi hulipita. Chukua mfano huu: kioo kinasoma volti 228 zinazoingia, betri mbili za Ah 200 ziko 24.4, na hazipandi. Shikilia ENTER kwa sekunde tatu, nenda programu 16. Ukikuta OSO, umeipata: hiyo inaiambia inveta ichaji kwa sola peke yake, gridi isiguse betri. Badilisha iwe SNU, yaani sola na gridi zote zichaji, kisha bonyeza ENTER. Kisha nenda 11, ampea za kuchaji kwa gridi. Kwa betri za Ah 200, weka 20, yaani sehemu moja ya kumi. Hakikisha namba 02, kikomo cha ampea zote za kuchaji, haiko chini ya hapo, kwa sababu inveta hufuata iliyo ndogo.

Bado haichaji? Rudi programu 01. Ikiwa SBU, inveta inatumia betri hata umeme ukiwepo, na ikiwa kwenye betri, gridi haichaji. Inasubiri betri ishuke hadi volti zilizowekwa kwenye programu 12. Anayetegemea gridi zaidi kuliko sola aweke kipaumbele kwa gridi. Hapa naipunguzia inveta hii alama: herufi hizi zinaamua kila kitu, na kwenye kioo hakuna neno moja la kuzieleza.

Baada ya mipangilio, weka mita kwenye vichwa vya betri. Ikichaji, volti zinapanda taratibu kuelekea 28.2 kwa betri za AGM. Zikiwa zimetulia 27 na ampea ni chache, betri imejaa, hakuna ubovu. Pima pia kwenye vichwa vya inveta. Pande hizo mbili zikipishana sana, tafuta fyuzi ya betri iliyokatika au kichwa kilicholegea.

Volti zinaingia vizuri, mipangilio ni sahihi, nyaya zimekaza, na mita ya kubana waya inayosoma DC inaonyesha ampea 0? Hapo sehemu ya chaja yenyewe ndiyo inashukiwa. Wengi husema, "Mbona ikiwa kwenye betri inawasha taa vizuri?" Hiyo haithibitishi kuwa chaja ni nzima. Umeme unaporudi kwenda kwenye betri, transista za upande wa volti kubwa ndizo zinazosukuma, na wakati wa kutoa zinaweza kuwa zimelala. Hizo, pamoja na sakiti inayoziendesha, ndizo fundi azipime kwanza.

Ukifungua kifuniko, toa gridi, sola na betri zote. Kapasita kubwa za ndani hubeba karibu volti 400 na hubaki nazo muda mrefu. Subiri, kisha zipime kwa mita. Usiguse bodi mpaka zisome karibu na 0.