Buluu juu ya buluu: ununue nini kwanza Tanga ili vazi la rangi moja lisifanane na sare

Sketi ya pamba ya buluu iliyokolea na blauzi ya pamba ya buluu hiyo hiyo, mtu akipita nazo Ngamiani ataonekana kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Rangi haina kosa. Tatizo ni kwamba vitambaa vyote viwili vinarudisha mwanga kwa namna moja, kwa hiyo jicho halioni pa kusimama. Dawa yake ni kununua kipande kimoja au viwili ambavyo uso wake uko tofauti: kitambaa cha jinsi, hariri, ngozi au nguo ya kufuma kwa vitanzi kama sweta. Tumevipanga hapa kwa kuangalia vitu viwili, namna kila kimoja kinavyolipatia vazi kina na namna kinavyovumilia joto na unyevu wa pwani.

1. Jinsi: anza hapa

Kwenye jinsi ya kawaida, uzi wa mtande, unaokwenda kwa urefu, ndio uliotiwa rangi, na uzi wa mshindio, unaokwenda kwa upana, umeachwa mweupe. Nyuzi hizo mbili zinapopishana kwa mistari ya mshazari, unapata buluu yenye vidoa vidogo vya mwanga ndani yake. Tena nili, rangi ya buluu inayotiwa jinsi, haizami hadi kiini cha uzi, inakaa juu juu, ndiyo maana mishono na mikunjo hupauka kabla ya sehemu nyingine. Kupauka huko ni mali. Kunakupa buluu tatu au nne ndani ya nguo moja.

Ukiwa kwenye mitumba, igeuze nguo kabla ya kuuliza bei. Ndani ikiwa nyeupe au ya kijivu, hiyo ni sawa. Ndani ikiwa imekolea sawasawa na nje, huenda nguo ilichovywa rangi nzima baada ya kufumwa. Itakuwa bapa kama kitambaa cha suruali ya ofisini, na pesa yako haitakuletea tofauti uliyoifuata.

Uzito unaofaa hapa ni wakia 8 hadi 10 kwa yadi ya mraba. Lebo nyingi haziandiki hilo, basi shika pindo la chini ulikunje: likisimama lenyewe kama kadibodi, ni nzito mno, na wakati wa masika itakesha kwenye kamba bila kukauka. Halafu chukua leso nyeupe iliyoloa kidogo, sugua mara kumi mahali pasipoonekana. Leso ikigeuka buluu, nguo hiyo itapaka rangi kwenye mkoba wako na kwenye hariri yoyote ya rangi hafifu. Siyo sababu ya kuiacha, ila ifue peke yake mara mbili tatu kwa maji baridi, imegeuzwa ndani nje, kabla ya kuivaa na kingine.

2. Hariri: kidogo, lakini ya kweli

Kwenye rangi iliyokolea, kivuli hakionekani sana. Kinachoonekana ni mng'ao. Kwa hiyo karibu na jinsi isiyong'aa, hakuna kitu kinachofanya kazi haraka kuliko hariri. Mwanga unateleza juu ya mkunjo na kuzama kwenye bonde lake, na mvaaji akitembea rangi inahama.

Wauzaji wengi watakuambia "hii satini" kana kwamba satini ni hariri. Satini ni namna ya kufuma tu. Uzi wake unaweza kuwa hariri, na mara nyingi zaidi ni poliesta, ambayo hung'aa sana mahali pamoja na kukushikia jasho mgongoni. Omba nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani, zisokote, toka nje uziwashe kwa kiberiti. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Subiri ipoe ndipo uiguse.

Bajeti ikibana, mtandio wa hariri halisi ni bora kuliko blauzi nzima ya poliesta. Na una faida nyingine: jasho la kwapa, ambalo huidhoofisha hariri na kuiachia madoa, haliufikii. Ufue kwa maji baridi na sabuni laini, usiweke dawa ya kung'arisha, uanike kivulini.

3. Ngozi: mkanda, makubazi, basi

Mng'ao wa ngozi umetulia, hautembei kama wa hariri, na ukingo wake mkali hukata vazi mahali unapotaka. Koti la ngozi Tanga ni adhabu ya kujitakia. Sentimita 3 za mkanda zinatosha.

Hatari hapa ni ngozi bandia. Unyevu wa pwani huvunja ile tabaka ya plastiki ya juu hata mkoba ukiwa kabatini haujaguswa, na siku moja unaukuta unabanduka magamba. Angalia ukingo uliokatwa: ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizoshikana, bandia inaonyesha kitambaa chini ya ganda jembamba. Ngozi halisi nayo huota ukungu mweupe ukiifungia kwenye mfuko wa nailoni. Iache ipate hewa.

Buluu ya ngozi ni adimu. Ukiikosa, chukua iliyokolea karibu na weusi. Ya kahawia ni nzuri, lakini hapo umeshatoka kwenye rangi moja.

4. Kufuma: subiri kipupwe

Sweta ndiyo yenye uso mzito kuliko vyote, kwa sababu kila kitanzi kina kivuli chake. Lushoto, milimani kwenye baridi, tungeiweka ya pili. Huku chini nunua ya pamba, nyembamba, yenye matundu ya kupitisha upepo. Vuta ukingo wa mkono, hesabu hadi tano, uachie. Usiporudi, sweta hiyo itaning'inia baada ya mfuo wa kwanza. Ianike imelazwa, kwani pamba ya kufuma iliyoloa huvutwa na uzito wake mwenyewe.

Tuvae sasa

Turudi kwa mwenye sketi na blauzi za pamba. Blauzi anabaki nayo. Sketi anaibadilisha kwa ya jinsi, anaongeza mtandio wa hariri na mkanda wa ngozi. Hapo jinsi na pamba, visivyong'aa, vimeshika sehemu kubwa ya mwili, na mng'ao uko sehemu mbili ndogo zilizoachana. Mtandio usifike kiunoni ukagusana na mkanda. Ving'aavyo viwili vikikaa pamoja hugombana.

Asihangaike kupata buluu inayofanana kabisa. Jinsi ina uzi mweupe ndani yake, haitalingana na hariri milele. Tofauti iwe wazi, hatua moja kamili ya kukolea, maana ikikosewa kidogo tu inaonekana kama nguo iliyopauka kwa bahati mbaya. Cha kuchunga ni buluu inayoelekea zambarau na ile inayoelekea kijani. Chini ya taa ya duka zinaweza kufanana, juani zikaachana. Toka nazo mlangoni, ziweke juu ya karatasi nyeupe.

Nyumbani, piga picha ya vazi zima mchana, kisha uibadilishe kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Sketi na blauzi zikiungana kuwa doa moja, jinsi hiyo imekolea mno. Badilisha kwa iliyopauka zaidi kabla hujaongeza kitu kingine.