Kuponi ya 11% au ya 8%?

Hatifungani za serikali ya Tanzania hulipa kuponi, yaani riba, kila miezi 6. Tuseme mbili zimebakiza miaka 2. Ya kwanza, ya kuponi 11%, inauzwa shilingi 100 kwa kila 100, kwa hiyo faida yake hadi kuiva ni 11%.

Ya pili, ya kuponi 8%, inauzwa 93.07. Wengi hugawa 8 kwa 93.07, wakapata 8.6%, wakaiacha. Wamesahau shilingi 6.93 za ziada siku ya kuiva, serikali inaporudisha 100 kamili. Jaribu 6% kwa nusu mwaka: kuponi nne za shilingi 4 zina thamani ya leo 13.86, na ile 100 ya mwisho 79.21. Jumla 93.07, bei ileile! Basi faida ni 12% kwa mwaka.

Ningechukua ya pili, isipokuwa kama nahitaji fedha nyingi zaidi kila nusu mwaka.