Uzoefu wangu na kipimo cha "umri wa mwili" Mwanza: nina miaka 47, karatasi ikasema 53.7

Wanaofikiria kulipia kifurushi hiki wasome kwanza. Nilikinunua kwenye maabara moja binafsi hapa mjini, sitaitaja jina. Bei ni laki mbili na ushee. Unatolewa damu asubuhi, na jioni unatumiwa karatasi kwenye simu: juu umri wako wa kalenda, chini yake "umri wa kibiolojia", na kati yao mshale. Wangu ulikuwa mwekundu, umeelekea juu.

Dada wa mapokezi aliniambia kuwa ni kipimo cha vinasaba. Sicho. Vipimo vya vinasaba vipo kweli: mwaka 2013 Steve Horvath wa Marekani alionyesha kwamba alama za methili kwenye sehemu 353 za DNA zinaweza kukisia umri wa mtu, na baada yake zimetengenezwa hesabu nyingine za aina hiyo. Karatasi yangu haikuwa na DNA yoyote. Ilikuwa na vipimo tisa vya kawaida, vile unavyoandikiwa ukienda na homa: albumini, kreatinini, sukari, CRP ambayo hupanda mwili ukiwa na maambukizi au jeraha, ALP ambayo ni kimeng'enya cha ini na mifupa, na vinne vinavyotoka kwenye FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, yaani idadi ya chembe nyeupe, asilimia ya limfosaiti, MCV na RDW. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa "PhenoAge".

Hesabu ya PhenoAge ni ya Morgan Levine na wenzake, imechapishwa mwaka 2018, na iko wazi kwa yeyote. Walichukua takwimu za utafiti wa afya na lishe wa Marekani uitwao NHANES III, wa mwaka 1988 hadi 1994, wakaanza na vipimo 42 na kutafuta vipi vinabashiri vizuri nani atakufa. Vikabaki hivyo tisa, pamoja na umri wa kalenda. Kwa hiyo 53.7 haimaanishi kwamba kuna mtu amechungulia ndani ya seli zangu akahesabu miaka. Inamaanisha kwamba hatari yangu ya kufa ndani ya miaka kumi, kwa mujibu wa damu ile, inalingana na ya Mmarekani wa kawaida wa umri huo katika takwimu zao.

Mimi nafundisha hisabati sekondari, huku Mkolani, kwa hiyo karatasi ya namna hii siiachi hivihivi. Kwenye makala yao hesabu ina logi juu ya logi, lakini ukiifungua inabaki mistari michache:

```
x = -19.907 - 0.0336*albumini + 0.0095*kreatinini
    + 0.1953*sukari + 0.0954*ln(CRP)
    - 0.0120*limfosaiti + 0.0268*MCV
    + 0.3306*RDW + 0.00188*ALP
    + 0.0554*chembe_nyeupe + 0.0804*umri
umri_wa_mwili = 142.46 + 11.09*x
```

Albumini iwe kwa g/L, kreatinini kwa µmol/L, sukari kwa mmol/L, na CRP kwa mg/dL. Shikilia hiyo ya CRP. Damu yangu ilikuwa hivi: albumini 41, kreatinini 66, sukari 5.4, CRP 6 mg/L, limfosaiti 36, MCV 76, RDW 17.0, ALP 78, chembe nyeupe 5.0. Niliingiza kwenye kikokotoo nikapata 51.3, wala si 53.7. Nikarudia, jibu ni lile lile. Mashine ya CRP ya maabara ile hutoa majibu kwa mg/L, na hesabu inataka mg/dL, kwa hiyo 6 ilitakiwa iingie kama 0.6. Wao waliiingiza 6 nzima. Ukikosea mara kumi kwenye CRP unaongezewa miaka 2.4, na ndiyo tofauti niliyoiona. Niliwapelekea hesabu yangu. Walinijibu kwa adabu kwamba mfumo wao "umethibitishwa". Basi.

Hata hivyo 51.3 bado ni zaidi ya 47, na hapa ndipo fedha yangu ilipoanza kunifaa, ingawa si kwa njia waliyoikusudia wauzaji. Zidisha kila namba kwenye mstari wa x kwa 11.09, utaona kila kipimo kinakuongezea au kukupunguzia miaka mingapi. Umri wenyewe wa kalenda unachangia miaka 0.89 kwa kila mwaka, kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu ni kile kitambulisho chako cha taifa kinachosema tayari. Albumini ikipanda gramu moja inakupunguzia miezi minne na nusu hivi. Chembe nyeupe, moja ni miezi saba. Lakini RDW, pointi moja tu, ni miaka 3.7. Hakuna kipimo kingine kati ya vile tisa ambacho pointi yake moja ina uzito kama huo. Na RDW yangu ilikuwa 17, wakati kawaida ni kama 12 hadi 14 na kitu.

RDW hupima jinsi chembe nyekundu za damu zinavyotofautiana ukubwa. Mwili ukiwa na madini chuma ya kutosha, uboho unatoa chembe zinazolingana. Chuma kikipungua, zinazotoka sasa ni ndogo, na zile za zamani bado zinazunguka, kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120. Mchanganyiko huo ndio unaopandisha RDW, na MCV, ambayo ni wastani wa ukubwa wao, inashuka. Mimi nilikuwa na vyote viwili: RDW juu, MCV 76. Katika tafiti kubwa RDW ya juu imeonekana kuandamana na vifo kwa sababu nyingi, zikiwemo figo, ini na uvimbe wa muda mrefu mwilini, ndiyo maana hesabu ikaipa uzito. Lakini hesabu haijui sababu yako ni ipi. Kwake mtu wa figo na mtu aliyekosa chuma ni wamoja.

Nilimpelekea karatasi daktari wetu wa siku zote. Hakuusoma hata ule mshale. Alitazama RDW na MCV akasema, "Mwalimu, huu si uzee. Damu inakuishia." Kwa sisi wa ziwani swali lake la kwanza lilikuwa minyoo ya safura na kichocho, maana nimekulia Ukerewe na maji ya ziwa nimeyaoga utoto mzima. Choo na mkojo vikatoka safi. Akauliza hedhi. Nikamweleza, maana kwa mwaka huu imekuwa nzito kupita kiasi, nami nilikuwa najiambia ni mambo ya umri. Feritini ikarudi 7. Chini ya 15 akiba ya chuma imekwisha. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Nikaanzishiwa vidonge vya madini chuma, na matibabu ya hedhi yanaendelea.

Alinipa onyo moja ambalo maabara haikuwa nalo popote: nisirudie kipimo wiki za mwanzo za vidonge. Chuma kikiingia, uboho unaachia chembe mpya kubwa katikati ya zile ndogo, na RDW hupanda kwanza kabla ya kushuka. Aliyejipima wakati huo ataambiwa dawa imemzeesha.

Niliporudia baadaye, chembe za zamani zikiwa zimeshakwisha, RDW ilikuwa 13.8, MCV 85, CRP 2. Vingine havikusogea vya kutaja. Fanya hesabu: RDW imenipunguzia miaka 11.7, CRP mwaka mmoja na kidogo, na MCV imeniongezea miaka 2.7. Ndiyo, imeniongezea, kwa sababu hesabu inahesabu chembe kubwa kama dalili mbaya, na haijali kwamba zangu zilikuwa ndogo kwa ugonjwa na sasa zimepona. Jibu: 41.0. Karatasi ikaja na mshale wa kijani na neno "Hongera".

Kwa hiyo ndani ya miezi nimekuwa kijana kwa miaka kumi. Mvi zipo, magoti yale yale. Nilichotibu ni upungufu wa damu, ambao FBP ya kawaida ingeuonyesha kwa bei ndogo sana, mradi pawe na mtu wa kuisoma.

Yapo mengine ya kuangalia kwa sisi wa huku. Waafrika wengi kwa maumbile wana chembe nyeupe chache kuliko Wazungu bila ugonjwa wowote. Mwenye 4 badala ya 7 anazawadiwa karibu miaka miwili ya bure. Malaria, kwa upande wa pili, inaweza kuipeleka CRP juu ya 100 mg/L; ukitoka 1 kwenda 100 umezeeka miaka 4.9 kwa homa ya wiki moja. Usipime ukiwa na mafua, jeraha au jino linalouma. Sukari nayo, kila mmol/L moja ni miaka 2.2, kwa hiyo chai na chapati kabla ya kutoa damu vinaweza kukuzidishia umri kuliko mwaka mzima wa kuishi. Mimi hawakuniuliza kama nimekula.

Maabara kadhaa hutoa CRP kama "chini ya 5" bila namba. Hiyo haifai kwa hesabu hii: kati ya 0.5 na 5 kuna miaka 2.4, na atakayejaza fomu ataandika anachotaka. Omba CRP yenye namba kamili. Na kama unakokotoa mwenyewe, angalia kwamba RDW uliyoichukua ni ile ya asilimia, RDW-CV. Mashine nyingi hutoa pia RDW-SD, ambayo huwa arobaini na kitu. Ukiiingiza hiyo utapata umri wa zaidi ya miaka 100, angalau hapo utajua palipoharibika.

Nyota? Mbili kati ya tano. Moja kwa kuwa wamechapisha vipimo vyote tisa badala ya kutoa jibu peke yake, nyingine kwa mtaalamu aliyenitoa damu bila kunitafutia mshipa mara mbili. Sitakinunua tena. Nitapima FBP, CRP, kreatinini, sukari, albumini na ALP kimoja kimoja, nikiwa sijala, kwenye mashine ile ile kila mara, kwa sababu mashine mbili zinaweza kutofautiana nusu pointi ya RDW kwenye damu moja, na nusu pointi ni karibu miaka miwili. Mume wangu naye sasa anataka kujua wake. Nimemwambia aanze na presha, ambayo kwenye hesabu hii haimo kabisa.