Kebo ya intaneti ya kununua Mwanza: kabla ya kuuliza daraja lake ni Cat ngapi, kwangua waya

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. La karibuni limetoka kwa msomaji wa Nyegezi: "Dada, nalipia faiba ya Mbps 200 lakini kwenye kompyuta sivuki 94. Kampuni inaniibia?" Hiyo 94 ndiyo iliyonishtua. Kebo au poti ikikubali kasi ya Mbps 100 tu, vipimo vya intaneti hugotea hapohapo kwenye 93 au 94, hata kifurushi kiwe kikubwa namna gani.

Nilimwambia afungue PowerShell kwenye Windows na kuandika:

```
Get-NetAdapter | Select Name, LinkSpeed
```

Ikaja 100 Mbps. (Mwenye Linux aandike `sudo ethtool eth0`, akiweka jina la kadi yake badala ya `eth0`, kisha asome mstari wa `Speed`.) Halafu akachomeka kebo fupi iliyokuja na rauta, poti ileile, kompyuta ileile. Ikaruka hadi 1 Gbps. Basi mbaya ni ile kebo ya mita 20 inayopanda ghorofani, na kampuni ya faiba haina kosa.

Kebo ina waya nane, jozi nne. Kasi ya Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani kwa upangaji ambao mafundi wengi hapa wanautumia. Giga moja inazitaka zote nne. Ukikatika waya mmoja wa bluu au wa kahawia, vifaa vingi vinashuka hadi 100 na kuendelea kufanya kazi, taa zinawaka, na wewe huna habari. Fundi wa msomaji wangu alipima kwa testa ya taa, taa ya 7 ikawa inawaka na kuzima kebo ikitikiswa. Akakata ncha, akabana plagi mpya, giga ikarudi. Baada ya wiki chache ikashuka tena.

Hapo nikamwomba akwangue waya mmoja kwa wembe. Chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayoandikwa CCA, na hili ndilo jambo ambalo wanunuzi hawaliangalii. Alumini ni dhaifu: ukiipinda mara kadhaa inakatika, hasa pale meno ya plagi yanapouma, na kwenye unyevu wa ziwa hapo ndipo inapoanza kuliwa. Testa ya taa haiwezi kukuambia hilo, maana inaangalia tu kama waya umefika upande wa pili.

Multimita inaweza. Chukua jozi moja, zungusha waya zake mbili pamoja upande mmoja, pima upande wa pili, kisha toa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe. Kebo ya mita 20 yenye waya za shaba za unene wa 24 AWG inatoa takriban omu 3.4. Ya msomaji wangu ilitoa zaidi ya 5.

Sasa cha kununua. Namba moja kwangu ni Cat6 ya D-Link ya shaba tupu, 23 AWG, inayokatwa kwa mita kutoka kwenye boksi la mita 305. Waya ni mnene, unashika plagi vizuri, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kila nyumba. Namba mbili ni Cat5e ya shaba tupu: inabeba giga hadi mita 100, usimkubalie anayesema imepitwa na wakati. Namba tatu ni kebo fupi zilizofungwa kiwandani, kwa umbali wa mita moja hadi tatu. Za bei ya chini kabisa ni CCA karibu zote. Ziache.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa mjini kati. Boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, ukiomba ukwangue ncha unaambiwa, "Dada, hii orijino, unaniharibia mzigo." Sentimita moja ya ncha ndiyo mzigo? Na bei anayokutajia ni ya shaba. Akikataa wembe, ondoka.

Ikiwa kebo fupi nayo inaonyesha 100, hamia kwenye poti. Ichomeke kwenye kila poti ya rauta, moja baada ya nyingine. Moja tu ikigoma, mulika kwa tochi uone kama kuna pini iliyolala. Zote zikigoma, soma maelezo ya rauta: nyingi za bei nafuu zina poti za 10/100 tu, na hapo kebo haisaidii. Televisheni nyingi nazo ni hivyohivyo, kwa hiyo usiinunulie kebo mpya kwa ajili ya kasi. Ukitaka swichi ya TP-Link, soma jina chini ya kifaa: TL-SG1005D ni ya giga, TL-SF1005D inaishia 100. Zinafanana, na muuzaji hatakuambia.