Uzoefu wangu na Fusion: kuuweka uso mpya kwenye kina kimoja na kichwa

Uso ninaubadilisha kwa DeepFaceLab, lakini kazi ya kuukalisha ndani ya picha ninaimalizia kwenye ukurasa wa Fusion wa DaVinci Resolve. Baada ya kuutumia kwa muda, ninaupendekeza kwa yeyote ambaye nyuso zake zina rangi sahihi na midomo inayofuata maneno, ila bado zinaonekana kama zimebandikwa. Mara nyingi tatizo ni ukungu. Uso ni mkali kuliko sikio lililo pembeni yake, au umetulia ndani ya kichwa kinachokwenda kasi.

DeepFaceLab yenyewe ina `motion_blur_power`, unayoipandisha kutoka 0 hadi 100. Inaangalia alama za uso kwenye fremu jirani, inapata uelekeo mmoja, kisha inauvuta uso wote kwa mstari ulionyooka. Kwa kichwa kinachopita tu mbele ya kamera, inatosha. Lakini ukingo wa maski haufuati mvuto huo, kwa sababu unalainishwa kwa kidhibiti chake tofauti, tena kwa kiasi kilekile pande zote. Matokeo yake pua na macho yanavutika huku mpaka wa shavu ukibaki palepale, na jicho la mtazamaji linaukamata mpaka huo. Ndiyo maana ninatoa uso bila ukungu wowote pamoja na maski yake kutoka folda ya `merged_mask`, nikaziunganishe upya kwenye Fusion ili uso na maski vipite kwenye ukungu uleule.

Nitaeleza shoti moja. Ni filamu fupi yenye ugomvi: mwigizaji mbadala anapigwa kofi la kuigiza na kichwa kinageuka ghafla. Mwigizaji mkuu na mbadala wake wote walikubali kwa maandishi uso ubadilishwe, na bila karatasi hiyo mimi sianzi kazi. Lenzi ilikuwa ya 85 mm kwa f/1.8, kamera ya fremu kamili, umbali wa kama mita 1.5. Kwa mpangilio huo eneo lililo kwenye fokasi lina unene wa sentimita 3 tu hivi, wakati kutoka jichoni hadi sikioni ni mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukungu wa uso hauna kiasi kimoja. Kichwa kikiwa kimegeuka, jicho la karibu ni kali, la mbali limeanza kulainika, na sikio limelainika zaidi.

Kabla ya kugusa nodi yoyote, ninapima. Ninatafuta kitu ambacho hakikubadilishwa na kiko kwenye kina kilekile na uso: mstari wa nywele, hereni, ukosi wa shati. Ninakuza picha na kuhesabu pikseli kutoka giza hadi mwanga kwenye ukingo wake. Hapa kuna jambo ambalo limeniokolea muda mwingi. Kichwa kikienda kushoto na kulia, ukungu wa mwendo unaharibu kingo za wima tu. Kingo za mlalo, kama nyusi au sehemu ya juu ya ukosi, zinabaki na ukungu wa fokasi peke yake. Basi fokasi ninaipima kwenye kingo zinazolala sambamba na mwendo, na mwendo ninaupima kwenye zile zinazoukata. Ukipima yote mahali pamoja, utauhesabu ukungu mmoja mara mbili na uso utakuwa uji.

Kwenye shoti hii ukingo wa ukosi ulikuwa na pikseli 9. Uso mpya nao haukuwa mkali kabisa, kwa sababu modeli ilikuwa ya pikseli 256 na uso ulijaza karibu mara mbili ya hapo kwenye fremu, hivyo ulishakuwa na ulaini wa kama pikseli 5. Ukungu haujumlishwi kama shilingi. Unajumlishwa kwa miraba: 81 toa 25 ni 56, na kipeuo chake cha pili ni kama 7.5. Hicho ndicho cha kuongeza. Anayeongeza 4 ataona uso bado mkali, na anayeongeza 9 atapita kiasi. Namba iliyo kwenye nodi si lazima ilingane na upana wa ukingo, kwa hiyo ninaijaribu kwanza juu ya kisanduku cheupe chenye ukingo mkali hadi nipate upana ninaoutaka.

Nodi ya `Defocus` ina chaguo mbili, `Gaussian` na `Lens`. Kwa ukungu mdogo tofauti yake ni ndogo, ila angalia nukta ya mwanga ndani ya jicho: lenzi halisi huigeuza kuwa kiduara, nayo `Gaussian` huifuta tu. Ondoa gama kwa nodi ya `Gamut` kabla ya ukungu na uirudishe baadaye, la sivyo nukta hiyo itafifia kuliko inavyofifia kwenye kamera. Kwa uso uliogeuka ninatumia `Vari Blur`, ambayo hupokea picha ya pili yenye kijivu na kuongeza ukungu kulingana na kijivu hicho. Ninachora mteremko kutoka jicho la karibu hadi sikio. Kuiwekea `Defocus` maski yenye mteremko si sawa na hilo, kwa sababu inachanganya picha kali na picha laini, na kwenye kope utaona kivuli cha pili.

Baada ya fokasi ndipo mwendo. Picha zilichukuliwa kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, maana yake shata ilikuwa wazi nusu ya muda wa kila fremu. Pua ikisogea pikseli 28 kati ya fremu mbili, mfuto wake unakuwa na urefu wa 14. Sikio lililo karibu na mhimili wa shingo linasogea kidogo kuliko pua, kwa hiyo mstari mmoja hautoshi. Ninaipitisha picha asili kwenye `Optical Flow`, ninazihamishia vekta zake kwenye uso mpya, kisha ninatumia `Vector Motion Blur` juu ya uso na maski yake kwa pamoja. Uso wa mbadala ulipita njia ileile ambayo uso mpya unatakiwa kupita, na ndiyo maana vekta zake zinafaa.

Njia hii ina mpaka wake. Kwenye fremu mbili tatu za katikati ya kofi uso wa asili umefutika sana, vekta zinayumba, na hata alama za uso zinaruka. Pale ninarudi kwenye `Directional Blur` na kuweka urefu na pembe kwa mkono. Kagua pia kama uso uliotoka kwenye modeli tayari umebeba ukungu wa mwendo, kwani modeli iliyofundishwa kwa fremu zilizofutika wakati mwingine huurudisha. Kama upo, punguza urefu kwa hesabu ileile ya miraba.

Chembechembe za kamera huja mwisho kabisa, kwa sababu ukungu wowote unazifuta. Linganisha chaneli moja moja, hasa ya bluu ambako zimejaa zaidi. Halafu icheze shoti kwa kasi ya kawaida huku ukitazama sikio, siyo uso. Shavu likitangulia sikio au likichelewa, rudi kwenye vekta. Vikienda pamoja lakini shavu likaonekana kuwa mbele zaidi, rudi kwenye mteremko wa fokasi.