Uhariri alifanya, lakini niliambiwa simu yangu mbovu

Nimekaa na hili jambo tangu kabla ya mwezi mtukufu na bado nikilikumbuka naona moto. Naandika kuhusu ofisi moja ya uchapaji na uhariri hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Jina silitaji.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaouza samaki Deep Sea, tuko wanachama 31. Tulipeleka rasimu ya katiba yetu ikanyooshwe lugha. Siku chache baadaye kijana wa ofisi hiyo akanitumia katiba nzima kwenye wasap, maneno marefu yaliyobandikwa kwenye meseji, na chini yake: "Mama, pitia nilipofuta kwa nyekundu, nilipopaka njano na maswali yangu pembeni. Unijibu leo."

Nikapitia. Nyekundu hakuna. Njano hakuna. Pembeni hakuna kitu. Nikamwandikia kwamba sioni alama hata moja, akajibu: "Angalia vizuri mama, mimi naziona. Simu yako ndiyo mbovu."

Nikaiamini ile kauli, na hapo ndipo panaponiuma. Niliazima simu ya binti yangu, mambo yaleyale. Jioni nikawasomea wenzangu yale maandishi kama yalivyo. Tulipofika kifungu cha akidi, Bi Mwenyekiti akanisimamisha: "Hapo tuliandika theluthi mbili, wewe unasoma zaidi ya nusu. Nani kabadilisha?" Kwa watu 31, theluthi mbili ni watu 21, zaidi ya nusu ni 16. Watu watano hao wanatosha kuamua pesa ya mfuko ikopeshwe au isikopeshwe. Na mimi ndiye niliyeshika karatasi, kwa hiyo macho yote kwangu.

Asubuhi nikaenda ofisini kwake. Kwenye kompyuta yake, kweli kabisa, "theluthi mbili" imepigwa mstari mwekundu, "zaidi ya nusu" imeandikwa mbele yake, na pembeni kuna kisanduku chenye swali: "Mlikusudia akidi ya mkutano au idadi ya kura?" Swali zuri, wallahi. Ndilo tulilopaswa kulijadili jana yake, na halikutufikia.

Nikamwambia aninakilie tena mbele yangu. Akanakili, akabandika, na mwekundu ukapotea machoni pake mwenyewe. Akanyamaza.

Dada aliyekuwa anasubiri kudurufu vyeti ndiye aliyetueleza, kwa upole. Kwenye Word, ukinakili huku Track Changes, ile sehemu inayoweka alama za mabadiliko, imewashwa, kinachotoka ni maandishi kama vile mabadiliko yote yameshakubaliwa. Kilichofutwa hakiendi, kilichoongezwa kinaenda kikiwa cha kawaida, na msomaji hana njia ya kujua kulikuwa na kitu kingine. Ukitaka alama ziende kwenye faili jingine la Word, unazima kwanza Track Changes kwenye mafaili yote mawili, ndipo unanakili. Kuizima hakufuti alama zilizokwishawekwa. Lakini kwenye meseji hata hiyo haisaidii, kwa sababu meseji inapokea maneno matupu. Rangi ya njano na kisanduku cha maoni havina pa kukaa. Faili lenyewe ndilo la kutumwa, kama kiambatisho. Kwa mtu wa simu kama mimi, ni kuhifadhi kama PDF na kule kwenye Options kuchagua "Document showing markup", ndipo mistari na maswali vinachapwa pamoja na maandishi.

Alipotaja nakala yetu ya mwanzo, akasema hata hiyo ingetuokoa: Review, kisha Compare, unaweka ya zamani na mpya, tofauti zinatokea zenyewe. Ila maswali ya pembeni hayarudi kwa njia hiyo, maana kwenye maandishi yaliyobandikwa hayamo tena.

Basi yule kijana akanitengenezea PDF. Nilikuta mabadiliko mengi, na kusema haki mengi yalikuwa ya mtu anayejua kazi. Kifungu cha faini alikinyoosha mpaka kikaeleweka hata na bibi zetu wasiopenda maneno ya kisheria. Hapo nilikuwa nishaanza kumsamehe, nikafikiri nitampa nyota nne.

Kisha akaniambia PDF ni shilingi 3,000 zaidi.

Kijana, nilipe kwa kuona kazi niliyokwishailipia? Na lile neno la simu mbovu hukulirudisha, hata "samahani mama" hukusema. Nililipa kwa sababu mkutano ulikuwa siku ileile. Nyota mbili, zote za uhariri. Anayekwenda pale akatae kazi ya kubandikwa kwenye meseji, adai faili, na alifungue hapohapo kaunta aone mwekundu kabla hajatoa pesa.